Namba ya Kiatu cha Mama Ngano

Mtaani kwetu mkate ni wa Mama Ngano, na anayebisha akale biskuti. Jina hilo tulimpa sisi wateja, naye alilipokea haraka kwa sababu lilifunika lile la zamani. Kaka zake walikuwa wakimwita Makasia, kwa ajili ya miguu yake. Walimwita hivyo mezani, walimwita hivyo mbele ya wageni, na yule mkubwa, ambaye sijawahi kumpenda, alimwita hivyo siku wakwe walipokuja kuposa. Miguu yenyewe ni mikubwa, sitadanganya. Lakini ni miguu, si msiba.

Ni mama mzima sasa. Huamka kukanda unga kabla jogoo hajawika, na wasaidizi wake wanamwogopa kama moto wa tanuri. Ila akiingia duka la viatu anarudi kuwa binti mdogo. Aliponunua viatu vya kukimbilia, muuzaji alimpima mguu akamwambia namba yake ni arobaini na tatu, kisha akapaza sauti kuelekea stoo viletwe vya kiume, vya kike haviendi huko. Wateja wawili wakageuka kutazama. Mama Ngano akasema kipimo kile kibovu, yeye amevaa arobaini na moja maisha yake yote. Akalazimisha vya arobaini na moja mguuni, akatabasamu, akaondoka navyo.

Viatu hivyo havikuwa vya starehe, vilikuwa vya kazi. Wifi yake, dada wa mumewe, haoni tangu utotoni. Anafanya kazi ya kupokea simu hospitali, na anatambua sauti ya mtu kabla hajamaliza kusema halo. Huyu wifi ni mkimbiaji hasa. Asiyeona hukimbia na mwongozaji ubavuni, kila mmoja ameshika ncha ya kamba fupi, na mwongozaji humwambia kuna kona, kuna tuta, kuna dimbwi. Mumewe Mama Ngano akikimbia hatua ishirini anatafuta kiti, kwa hiyo kazi ilimwangukia mkewe. Aliipenda. Mimi ni shoga yake na nilikuwa mwongozaji wa akiba, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu, na ambayo sikuyaona alikuja kunieleza mwenyewe, akiwa ameinamisha uso.

Kocha wa timu ya wasioona alikuwa ametoa neno moja. Wifi amalize mbio ndefu, zile za kilomita arobaini na mbili, ndani ya muda uliowekwa, na nafasi iliyobaki timuni ni yake. Akichelewa, inakwenda kwa mwingine. Wifi alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu akiwa msichana, wakati ndugu zake wenyewe walikuwa wakimwambia atulie nyumbani asije akavunjika shingo.

Asubuhi ya mbio tulikuwa sebuleni kwao watatu. Mama Ngano alipiga magoti mbele ya wifi yake akamwandaa, na hakuna fundi angemsahihisha. Alikuwa amemkata kucha siku chache nyuma, fupi na sawasawa, asiache pembe ya kuchoma. Alimpaka mafuta mazito ya mgando katikati ya mapaja, kwapani na pale mkanda wa sidiria unapokaa, kwa sababu ngozi ikisuguana na jasho la chumvi kwa masaa hubabuka kama iliyounguzwa. Alimvisha soksi za nailoni nene kidogo zinazosukuma jasho nje, akapitisha kidole kuhakikisha hakuna mkunjo wala mshono unaokaa juu ya kidole cha mguu. Soksi za pamba alishazipiga marufuku. Pamba hunywa jasho ikabaki nalo, ngozi ikalainika, na ngozi laini ikisuguliwa hufanya lengelenge.

Kisha viatu. Akabonyeza mbele kuona kama dole gumba la mkono wake linaingia kati ya kidole cha mguu na ncha ya kiatu, maana mguu huvimba njiani. Mwisho kamba. Aliingiza kila ncha kwenye tundu la juu kabisa la upande wake, ikafanya kitanzi kidogo, akapitisha ncha ya kushoto katika kitanzi cha kulia na ya kulia katika cha kushoto, akavuta. Kisigino kikakamatwa. Alitueleza, kama vile hatujui, kwamba kisigino kikikaa, mguu hauteremki mbele kwenye mteremko kwenda kupiga kucha ukutani.

Kinyozi hajinyoi. Yeye mwenyewe alikwenda kuvaa chumbani na kufunga mlango. Nilidhani ni haya ya mtu mnene kujipaka mafuta mapajani. Kumbe soksi nene hazikuingia pamoja na mguu katika ile arobaini na moja, kwa hiyo alivaa za pamba nyembamba, za kuendea kazini. Kamba aliacha matundu mawili ya juu wazi na kuilegeza yote ili apate nafasi. Alimimina mafuta vidoleni akidhani yatafidia. Na kucha zake, ambazo mbili zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeusi kutokana na mazoezi, alizipaka rangi nyekundu iliyoiva. Alijua yote yaliyokuwa sahihi, na alifanya kinyume chake yote, kwa sababu ya namba tu.

Mwongozaji huruhusiwa kubadilishwa mahali pamoja, kwenye alama ya nusu. Ndipo nilipokuwa nangoja, nimeshavaa, nimeshajipaka, nachezesha miguu. Nikawaona wanakuja. Wifi anakimbia kama anayetelezeshwa. Mama Ngano uso umekunjamana, anakanyaga kwa visigino kama mtu anayepita juu ya kokoto. Nikanyoosha mkono wa kupokea kamba. Kocha naye alikuwa pale, akamuuliza kama abadilishwe.

"Niko sawa," alisema Mama Ngano.

Wifi akamgeuzia uso. "Una uhakika, wifi? Hatua zako zimebadilika."

"Niko sawa. Twende."

Wakaenda. Nilibaki na mkono hewani kama mwombaji.

Sikuelewa wakati huo, na alipokuja kunieleza nilikasirika kuliko nilivyomhurumia. Kunipa kamba kulimaanisha kukaa chini, kuvua viatu mbele ya kocha na kila aliyesimama pale, na mtu kuuliza kulikoni. Alikuwa radhi avunjike kuliko kuulizwa. Akajikaza kisabuni.

Baada ya nusu, barabara huteremka muda mrefu. Pale ndipo kila kitu kilipomdai. Mguu ulioachiwa kamba ukawa unateleza mbele kila hatua, na kila hatua kucha zikagonga ncha ya kiatu. Soksi za pamba zilikuwa zimelowa jasho na mafuta, zikajikunja chini ya unyayo, na malengelenge yakajaa kisha yakapasuka. Alianza kuegemea nyuma ili aviokoe vidole. Kamba ya mkononi ikakazika. Wifi akamwambia anamvuta. Akajibu ni upepo. Mbele kidogo wifi akauliza tena, akaambiwa kuna watu wengi mbele, wapunguze. Hapakuwa na mtu. Barabara ilikuwa nyeupe.

Walimaliza wakitembea. Wifi alikuwa na pumzi za kwenda na kurudi, lakini mkimbiaji asiyeona hawezi kumwacha mwongozaji na kwenda zake. Walipovuka mstari, ambako mimi na kocha tulikuwa tumetangulia kwa gari, muda ulikuwa umepita, si kwa dakika nyingi. Kocha alitazama saa yake, akaizima.

Katika hema la huduma ya kwanza, muuguzi alimketisha Mama Ngano kwenye kiti cha plastiki na kumvua viatu. Soksi ziligoma kutoka, akazikata kwa mkasi. Ile rangi nyekundu ilikuwa imebanduka, na chini yake kucha sita zilikuwa nyeusi ti, damu imejaa chini yake. Muuguzi alisema kwa sauti ya kawaida kwamba nyingine zitang'oka, nyingine zitajiotea. Kisha akaokota kiatu, akakilinganisha na mguu.

"Hiki kiatu umeazima kwa nani?"

Mama Ngano akavuta miguu yake chini ya kiti. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na mimi niliyekuwa nimesimama nyuma yake niliona shingo yake ikibadilika rangi.

Kocha akaingia kuuliza nini kimetokea. Kabla hajajibiwa, wifi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na chupa ya maji mkononi, alisema kosa lilikuwa lake, mwili ulimkatalia baada ya nusu, asilaumiwe mtu. Kocha akasikitika, akaanza kumweleza kwa upole kwamba pengine mbio ndefu si zake, ziko fupi za kutosha. Na wifi akawa anaitikia, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, huku akizungusha kizibo cha chupa.

Wanasema mficha uchi hazai. Nilimtazama Mama Ngano na nikajua kwamba akinyamaza sasa, mimi na yeye tumemalizana, mkate nitanunua mtaa wa pili.

"Si yeye," akasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Ni mimi. Mguu wangu ni arobaini na tatu. Nimevaa arobaini na moja. Niliona haya kuvaa vya kiume."

Hema zima likasikia. Kijana mmoja aliyekuwa anafungwa bandeji alitazama miguu yake, kisha akatazama pengine. Hakuna aliyecheka, na nadhani angefarijika zaidi kama tungecheka. Kocha akasema mwisho wa msimu zipo mbio nyingine, atamwombea wifi ajaribu mara moja tena, lakini mwongozaji awe mwingine. Akaninyooshea kidole mimi. Mama Ngano akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimdondokea magotini na hakuyafuta.

Akamwomba wifi yake msamaha. Wifi alingoja kocha atoke.

"Miguu si kitu," alisema. "Ungeniambia ni hamsini ningekufunga kamba mwenyewe. Lakini wewe ukiniambia ruka, mimi naruka. Sijawahi kukuuliza kama kweli kuna shimo. Uliponiambia uko sawa, nililipokea neno lako vile vile."

Hakusema kwa hasira. Akaongeza kwamba amechoka, twende nyumbani.

Tulitoka watatu, Mama Ngano pekupeku na bandeji, wifi amemshika kiwiko kama kawaida yao. Nje ya hema palikuwa na ngazi za kushukia barabarani.

"Ngazi mbili, wifi," Mama Ngano alisema.

Katika miaka yote niliyowafahamu, wifi akiambiwa ngazi mbili alikuwa anashuka tu, huku akiendelea na mazungumzo. Safari hii alisimama. Akatanguliza mguu mmoja polepole, akapapasa ukingo wa saruji kwa ncha ya kiatu, akahakikisha, ndipo akashuka.