Ukurasa wa Sita

Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na mmoja katika hospitali ya misheni upande wa Bukombe, nikiwa msaidizi wa katibu wa afya, Alhamisi ile Sista aliponiletea jalada. Sista ndiye aliyekuwa mganga mfawidhi wetu, mtu wa maneno machache. Aliliweka jalada mezani, akabaki amesimama.

"Bodi inakaa Jumamosi," alisema. "Wanataka kujua kama tuendelee na chuo au tuachane nacho. Nifanyie ukurasa mmoja wa Kiswahili. Kila upande una wajibu gani, unachangia nini, na mtu akitaka kutoka anatokaje."

Ndani ya jalada mlikuwa na hati ya makubaliano kati ya hospitali yetu na chuo kimoja cha uuguzi cha mkoa wa Shinyanga. Ilisainiwa miaka minne nyuma, kabla Sista hajahamishiwa kwetu. Chuo kilileta wanafunzi kujifunza wodini, sisi tukawasimamia. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Baadaye walianza kuja ishirini, ishirini na watano, bila mkufunzi, bila glavu zao. Matroni, mkuu wa wauguzi wetu, alikuwa amechoka kabisa. Siku moja alimkuta mama anajifungua amezungukwa na wanafunzi saba, na yule mama amejifunika uso kwa khanga yake. Matroni aliwatoa wote nje, akaja ofisini kwangu kulia kwa hasira.

Kwa hiyo nilianza kazi ile nikiwa tayari nina upande. Naona ni vizuri niliseme hilo mapema.

Hati ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nane, na kazi ya namna hiyo sikuwa mgeni nayo. Nilijua kwamba ugumu wake hauko kwenye maneno makubwa, uko kwenye vitenzi. Hati inaposema chuo kitaleta mkufunzi, huo ni wajibu. Inaposema chuo kitajitahidi kuleta, hiyo ni ahadi yenye mlango wa nyuma. Inaposema chuo kinaweza kuleta, hakijaahidi kitu. Ukiyachanganya hayo matatu, umeandika hati nyingine kabisa na kuwapa watu waipigie kura.

Nilichora safu mbili, hospitali huku, chuo kule. Upande wetu wajibu ulikuwa kupokea wanafunzi wasiozidi kumi na wawili kwa awamu, kuwapangia muuguzi wa kuwasimamia, na kusaini vitabu vyao vya mazoezi. Upande wa chuo, kila kundi lazima lije na mkufunzi wake, na wanafunzi lazima wawe na bima. Glavu na aproni chuo "kitajitahidi" kuleta. Hapo niliandika hivyo hivyo, ingawa nilijua Matroni hatafurahi, maana siku zote alisema glavu ni haki yetu. Kwenye michango, sisi tulitoa kiwanja, maji na umeme. Wao walijenga bweni dogo nyuma ya wodi ya watoto, wakaleta na mwanasesere wa kufundishia uzazi.

Nilikuwa najivunia. Nakumbuka nilikunywa chai nikiitazama ile karatasi kama mtu anayetazama shamba alilolipalilia mwenyewe.

Ijumaa nikafika kwenye masharti ya kujitoa. Kifungu cha kumi kilianza chini kabisa ya ukurasa wa tano. Kilisema upande wowote unaweza kusitisha makubaliano kwa taarifa ya maandishi ya miezi mitatu. Nikafungua ukurasa uliofuata, nikakuta kifungu cha kumi na moja, kipengele cha pili, habari za kusuluhisha migogoro. Nikatazama namba chini ya karatasi. Saba.

Ukurasa wa sita haukuwepo. Hati halisi ilichapwa pande zote mbili, na aliyetoa nakala, sijui nani, kwenye karatasi moja alisahau kuigeuza.

Nilitafuta kabatini, nikatafuta ofisi ya Sista, nikamuuliza mhasibu. Hakuna aliyekuwa na nakala nyingine. Nikapiga simu chuoni. Kijana aliyepokea alisema msajili, ambaye ndiye mwenye majalada, amekwenda Mhunze kukagua wanafunzi wengine, hadi wiki ijayo.

Nilikuwa na njia rahisi. Ningeandika mstari mmoja tu: ukurasa wa sita haupo, kifungu cha kumi hakijasomwa chote. Sikuuandika. Nilijiambia kwamba jambo kubwa ni ile miezi mitatu, na hiyo ninayo. Nilijiambia pia kwamba karatasi yenye pengo itamwaibisha Sista mbele ya wajumbe. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa mtu atasema tusubiri, na mimi sikutaka tusubiri. Nikaandika: "Kujitoa: upande wowote, taarifa ya maandishi ya miezi mitatu." Nikaweka nukta.

Jumamosi bodi ilikaa kwenye ukumbi wa parokia. Padri mwenyekiti aliisoma karatasi yangu kwa sauti, polepole, na wajumbe wakaifuata kwa vidole. Matroni alieleza hali ya wodi. Kisha mjumbe mmoja, mfugaji aliyewakilisha wananchi, akanigeukia.

"Mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, "hawa mabinti walioko wodini sasa hivi, hati inasema wanamalizia au wanaondoka?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya pili.

"Baba, hati inasema miezi mitatu," nilijibu. "Zaidi ya hapo sikuona kitu."

Maneno yenyewe yalikuwa kweli, sikuona kitu. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Kura zikapigwa, wote wakakubali tujitoe. Jumatatu barua ikaondoka, na nakala ya muhtasari wangu ikabandikwa nyuma yake.

Mkuu wa chuo alikuwa mgeni kwenye kiti chake, na barua ile aliipokea kama kofi. Hakusubiri miezi mitatu. Wiki iliyofuata aliagiza wanafunzi wote warudi, na gari la kuwachukua lingefika kesho yake.

Mchana ule mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho alikuja ofisini kwangu. Nilimfahamu kwa sura, binti mrefu wa kutoka upande wa Katoro, ambaye wagonjwa walipenda awabadilishie shuka kwa kuwa alikuwa na mikono mipole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. "Wanasema una karatasi inayoeleza makubaliano. Naomba niione."

Nikampa. Alisoma amesimama, kitabu chake cha mazoezi amekibana kwapani. Alikuwa amebakiza akina mama watatu wa kuzalisha chini ya usimamizi, kitabu chake kisainiwe, ndipo aruhusiwe mtihani wa taifa. Wiki mbili zingemtosha.

"Imeandikwa hospitali, imeandikwa chuo," alisema. "Sisi hatumo?"

"Hati ni ya taasisi mbili, mwanangu," nikamwambia. "Haiwezi kuandika kila mtu."

Alinirudishia karatasi kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka. Kesho yake nilimwona akipandisha godoro lake juu ya gari. Bweni likafungwa.

Siku ya kumi tangu barua yetu iondoke, bahasha ikaja kutoka kwa msajili wa chuo. Alikuwa amerudi safari, akalitafuta jalada lake, akakuta pande zote mbili tumevurunda. Alituma hati nzima pamoja na barua fupi ya heshima. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa sita, nikausoma nimesimama dirishani.

Kifungu cha kumi kilikuwa na vipengele vingine vitatu. Cha pili kilisema upande wenye malalamiko uyaandike kwanza na kuupa upande wa pili siku thelathini za kurekebisha, kabla ya kutoa taarifa ya kujitoa. Sisi hatukuwahi kuandika hata barua moja, Matroni alilalamika kwa mdomo tu. Cha nne kilisema bweni litabaki kuwa la hospitali na vifaa vya kufundishia vitarudi chuoni. Na cha tatu kilisema hivi: yeyote atakayejitoa, wanafunzi waliokwisha kuanza mazoezi wataendelea hadi wamalize, na hospitali itawasimamia na kusaini vitabu vyao.

Hapakuwa na "itajitahidi" wala "inaweza". Ulikuwa wajibu.

Nilimpelekea Sista ukurasa ule na ile nakala yetu yenye pengo. Aliviangalia vyote viwili kwa muda mrefu.

"Uliona kwamba namba zinaruka?"

"Niliona, Sista."

"Lini?"

"Ijumaa, kabla ya kikao."

Nilitegemea atafoka. Alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha shela yake, akaivaa tena. "Ungeniambia," alisema. "Mimi ningebeba." Mpaka alipohamishwa hakulirudia. Lakini kazi za kusoma hati hakunipa kwa muda mrefu, akawa anampa mhasibu.

Bodi iliitwa tena. Nilisimama nikaeleza mwenyewe. Yule mfugaji hakuniangalia muda wote wa kikao, akawa anatazama viatu vyake. Tulifuta barua yetu, tukaandika nyingine ya kuomba radhi na kuwaita wanafunzi wa mwaka wa mwisho warudi wamalizie. Mkuu wa chuo alijibu kwamba alikwisha kuwatawanya kwenye vituo vingine. Hakuna ambaye angetupeleka mahakamani, kwani hati yenyewe ilisema si mkataba wa kudaiana. Hilo halikunipunguzia kitu.

Wengi walimalizia walikopelekwa. Binti wa Katoro alipangiwa kituo kilichokuwa na wanafunzi wengi kuliko akina mama wa kujifungua. Alisubiri zamu hadi siku ya mwisho ya kusajiliwa mtihani ikapita. Hayo niliyasikia kwa Matroni, ambaye naye hakuyasimulia kwa furaha.

Mwaka uliofuata nilikwenda Katoro siku ya gulio kununua vitenge. Nilimwona kabla hajaniona, akikata kitambaa kwenye banda la shangazi yake. Miguu yangu ilitaka kurudi nyuma. Nikasogea.

"Shikamoo mama. Za hospitali?"

"Marahaba. Nzuri." Halafu nikamweleza yote nikiwa nimesimama pale katikati ya kelele za bodaboda, habari ya karatasi iliyopungua, yaliyoandikwa humo juu yao, na kwamba siku ile alipokuja ofisini nilikuwa najua kuna ukurasa ambao sijausoma.

Aliacha mkasi. "Ulijua?"

"Nilijua haupo. Sikujua unasema nini."

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Mteja mmoja alikuwa anavuta kitenge, anataka bei. Binti akamgeukia, akamjibu kwa adabu, akampimia, akakunja, akatia kwenye mfuko. Nilisimama pembeni nikisubiri aseme neno lolote, hata la kunitukana. Alipomaliza akamwita mteja mwingine.

Alifanya mtihani baadaye, akafaulu. Alipangiwa kazi wapi, sikuwahi kujua.