Nyuzi za Blanketi la Marehemu

Fundi cherehani wa mtaa ule alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Binti yake alipofariki, alimwachia blanketi la sufu na paka. Kila jioni paka alipanda juu ya blanketi akalikanda kwa miguu ya mbele, huu ukishuka huu ukipanda, mpaka nyuzi zikachomoka. Fundi alimzaba kofi, akashona palipoharibika, na kesho yake yakawa yale yale.

"Daktari, ning'olee kucha za huyu mharibifu," alimwambia daktari wa mifugo.

Daktari alikataa katakata, akapunguza ncha tu. "Huo si ukorofi, mama. Alipokuwa mchanga alikanda tumbo la mama yake ili maziwa yatoke. Paka wengi hukua na mazoea hayo. Wakijisikia salama, hukanda kitu laini kabla ya kulala. Kwani mapajani kwako hakandi?"

"Mapajani kwangu? Hathubutu!"

Jibu hilo lilimrudia akilini njia nzima ya kurudi nyumbani. Hata marehemu binti yake, tangu ajue kutembea, hakuwahi kuthubutu kukaa hapo.

Jioni alijitandikia blanketi mapajani, akatulia tuli. Paka akasogea, akasita, akapanda. Akaanza kukanda huku akikoroma taratibu. Ukucha ukanasa uzi, uzi ukachomoka.

Mkono wa fundi ukainuka wenyewe. Alipoutambua na kuuzuia hewani, paka alikuwa ameshatoka mlangoni.