Watu Wasita

Shangazi yangu alitangaza safari kwenye kituo cha mabasi kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumsikia akikosea hesabu. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja, kipaza sauti na dirisha lililogoma kufungwa, na humo ndani alisema mabasi manane yamechelewa, abiria watatu wanatafutwa, mizigo miwili haina mwenyewe. Wapiga debe walimwita Bi Kipaza. Makondakta walimwogopa, maana ukimpelekea karatasi imeandikwa ovyo aliisoma kwa sauti, mbele ya kituo kizima, jinsi ulivyoiandika.

Magoti yalipomshinda akastaafu, akaja kukaa kwangu. Mimi ni karani wa mapokezi katika hospitali, na ndiyo maana najua habari hii kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hospitali yetu iliamua kununua mashine ya foleni. Mgonjwa anabonyeza kitufe, anapewa tiketi, na sauti inamwambia walio mbele yake ni wangapi, atasubiri dakika ngapi na aende dirisha namba gani. Kazi alipewa kijana mmoja mwenye kampuni ya watu wawili, yeye na fundi wake. Alijiita Mkurugenzi. Alikuwa na kadi za jina zenye maandishi ya dhahabu na ofisi ambayo mlango wake ulifunguka nusu tu, kwa sababu kabati lilikuwa nyuma yake. Alikuwa anatafuta sauti ya kike, nami nikamtaja Shangazi.

Walimrekodi katika chumba kilichotandazwa magodoro ukutani. Aliporudi nyumbani alikuwa amenuna. Alinieleza kwamba amepewa orodha imeandikwa "salasini" na "semanini", akaisahihisha kwa kalamu yake, thelathini, themanini, na Mkurugenzi akacheka akasema kwenye sauti hayo hayaonekani. Kisha akamsomesha namba kavu: moja hadi tisa, kumi, ishirini na kuendelea, halafu "mia" na "na" peke yake. Shangazi aliuliza namba za watu atazisoma lini. Mkurugenzi akamjibu kwamba namba ni namba, mashine itaunganisha yenyewe.

"Nilimwambia ataaibika," Shangazi alisema, akivua viatu. "Akaniambia mama, teknolojia haina aibu. Hilo nililiona mwenyewe."

Mashine ilifungwa siku ya Jumatatu. Mgonjwa wa kwanza kuja baada ya foleni kuanza alibonyeza, na sauti ya Shangazi, safi kabisa, ikatangaza: "Mbele yako kuna watu mbili." Aliyefuata akaambiwa kuna watu tatu. Aliyetanguliwa na mtu mmoja aliambiwa "watu moja". Wazee kwenye mabenchi waliguna. Mkurugenzi alikuwa amesimama karibu na mashine, mikono kifuani, akitabasamu kama bwana harusi.

Sauti ile ilijulikana mji mzima. Kabla ya saa sita mchana jirani yetu alikuwa amemwona Shangazi dukani akamwuliza kwa upole anataka mayai mangapi au siku hizi anasema mayai mbili. Shangazi alilipa. Alirudi nyumbani na mayai yake matano, akaniagiza nimfikishie Mkurugenzi ujumbe: watu huhesabiwa wawili, watatu, wanne, na yeye hajawahi kusema vingine tangu azaliwe.

Nilimfikishia. Mkurugenzi alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri mvua ipite, kisha akasema tatizo dogo, linahitaji "wa" tu. Kumwita tena mama wa watu, akaongeza, hakuna haja. Akamwamuru fundi akate "wa" kutoka kwenye neno "watu" na kuibandika mbele ya kila namba.

Alhamisi asubuhi mashine ilitangaza kuna watu wambili. Ikaendelea: watu wasita, watu wasaba, watu wakumi na wamoja. Na kwa kuwa fundi hakuambiwa aishie wapi, wagonjwa walielekezwa dirisha namba wanne. Mama mmoja mjamzito alicheka hadi akashikilia ukuta. Mkurugenzi alipopigiwa simu alisema watumiaji watazoea.

Shangazi aliambiwa siku hiyohiyo. Hakupiga kelele. Alijifunga khanga, akachukua mkongojo, akaniambia nimsindikize. Tulipita kwenye ule mlango wa nusu, yeye ubavu ubavu, na kuketi bila kukaribishwa.

"Mwanangu," alimwambia Mkurugenzi, "umenisemesha neno ambalo halipo. Wasita ni nini?"

Mkurugenzi alianza maelezo marefu. Alisema kurekebisha kila kitu kungemlazimu kurekodi upya namba zote kwa watu, na mradi hauwezi kubeba anasa za lugha. Shangazi alimwacha amalize, kisha akamgeukia fundi, kijana mpole ambaye mpaka hapo hakuwa ameulizwa chochote, akamwambia ahesabu watu kwa sauti, kama anavyohesabu nyumbani kwao.

Fundi alihesabu. Mtu mmoja, watu wawili, watatu, wanne, watano, sita, saba. Wanane, tisa, kumi.

"Zilizobadilika ni ngapi?"

Fundi alihesabu kwa vidole. "Sita, mama. Moja mpaka tano, na nane."

"Basi. Kumi haibadiliki, ishirini haibadiliki, hata tisini. Kinachobadilika ni kile kidogo cha mwisho. Watu ishirini na wawili. Watu thelathini na mmoja. Dakika ziache kama zilivyo, dakika mbili, dakika nane. Na dirisha namba nne liache hivyohivyo. Hapo huhesabu madirisha, unalitaja jina lake."

Fundi aliandika. Kisha akauliza, na hapo ndipo Shangazi alipompenda, je, siku wakifika mia mbili na wawili?

"Mbili ya kwanza inahesabu mia, ibaki mbili. Wawili wa mwisho ndio watu."

Walirekodi maneno saba palepale, yale sita pamoja na "mtu", ili anayetanguliwa na mmoja aambiwe "kuna mtu mmoja". Haikufika hata robo saa. Anasa yenyewe ilikuwa hiyo. Mkurugenzi muda wote alikuwa akitazama simu yake, na tulipokuwa tunatoka aliniambia kwamba alikuwa amelifikiria suluhisho hilohilo tangu mwanzo.

Jumatatu iliyofuata mashine ilisema sawasawa na hakuna aliyeguna. Mganga mkuu alimsifu Mkurugenzi kwa kuthamini lugha, naye akapokea sifa hizo zote, hakubakisha hata kipande. Nilipomweleza Shangazi nilitegemea atakasirika. Alisonya mara moja tu, akaendelea kukunja nguo.

Miezi miwili baadaye Mkurugenzi alipata kazi ya lifti katika jengo jipya. Safari hii alimtuma fundi nyumbani na orodha. Shangazi alivaa miwani, akasoma: ghorofa ya moja, ghorofa ya mbili. Alimtazama fundi.

"Mimi nilimwambia, mama," fundi alisema. "Nilimwambia ya kwanza, ya pili. Hakutaka."

Shangazi aliikunja ile karatasi, akamrudishia. Alimwambia amwambie bosi wake aje mwenyewe, na akija aje na kalamu. Kisha akamsogezea fundi kiti na kumwekea chai.

Mkurugenzi alikuja siku ya tatu. Kalamu alikuwa ameisahau. Shangazi alimpa ya kwake, akamkalisha mezani, na akaanza kumsomea polepole, ghorofa baada ya ghorofa, huku kijana yule mwenye kadi za dhahabu akiandika ameinamisha kichwa, akiulizia tahajia ya themanini kwa ajili ya jengo lenye ghorofa kumi na moja.