Karanga Zilitutangulia
Mimi na karanga ni ndugu. Siku hiyo nilinunua kifuko pale stendi ya Buzuruga, nikala mpaka ya mwisho, na kama kawaida yangu nikaanza kusoma karatasi yenyewe. Ilikuwa na vitundu pembeni, karatasi ya kompyuta ya ofisini kwetu. Ilieleza nyumba ya mteja: anaishi peke yake Nyegezi, hana mlinzi, dhahabu ipo kwenye sanduku chumbani, na kila Ijumaa huvuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo kwenda shambani. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kampuni yetu ya bima ilikuwa changa, kama mambo mengi ya miaka ile ya soko huria, na kompyuta tuliionea fahari kama bibi harusi. Karatasi zilizochapwa vibaya zilijaa stoo. Meneja, mtu mkarimu, alikuwa amemgawia muuza karanga rundo zima la kufungia karanga zake.

Nilinunua kapu zima la muuza karanga, nikarudi ofisini nikiwaka. Tulikunjua vifuko mezani, tukijua vingine vimeshauzwa. Meneja alishika kichwa.

"Tuulize kwanza makao makuu Dar," akasema. "Tukiwaambia wateja sasa, watatukimbia."

"Wakimbie wakiwa na mali zao," nikamjibu kwa sauti ambayo hadi leo siionei aibu.

Katibu muhtasi wetu, mama wa Kikerewe asiyepandisha sauti, aliendelea kukunjua vifuko. "Bosi, mwizi hasubiri faksi."

Meneja alicheka bila kupenda. Akaagiza stoo ifungwe kwa kufuli, faksi iende Dar ikisema tumeshaanza kuwaambia wateja, na kila ambaye karatasi yake ingeweza kuwa kwenye lile rundo aambiwe siku hiyohiyo, hata kama hatujui nani ameisoma. Kisha akavaa kofia yake. Tukaanza na Nyegezi.

Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Meneja alisema yote bila kuzungusha: kosa ni letu, karatasi ilieleza hili na hili, dhahabu ihamishwe leo, nyumba isiachwe tupu kesho, na mlinzi tutamlipia sisi. Mama alisikiliza hadi mwisho, akainua sinia la chai. Chini yake kulikuwa na nakala nyingine ya karatasi ileile, yenye vitundu pembeni na mafuta ya karanga.

"Mjukuu wangu aliniletea jana," akasema. "Dhahabu nimeshaihamisha. Safari ya kesho nimeiahirisha, nikae nione kama mtakuja kuniambia wenyewe au mtaninyamazia."

Hapo ndipo nilipoona vikombe mezani vilikuwa vimeshapangwa. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

Meneja alikunywa chai yake yote kwa mkupuo, ya moto vilevile, akasimama.

"Twende kwa anayefuata," akaniambia, "kabla karanga hazijatutangulia tena."