Shilingi Mia Mbili za Vigae

Yule mhasibu mzee alinichukia tangu siku ya kwanza, nami sikubaki na deni lake. Duka lilikuwa la vigae, katikati ya jiji. Mimi nilikuwa karani wa majaribio, nikisomea uhasibu jioni na kupanga chumba Kangemi. Aliniita "msomi" kwa sauti ya mtu anayetema mbegu.

Siku hiyo alinishika mbele ya Madam, mwenye duka, akaupiga ukurasa wangu kwa kidole.

"Punguzo la laki moja ni elfu mbili. Huyu ameandika elfu moja mia nane. Mia mbili imeenda wapi?"

Aliniita mwizi bila kulitamka neno. Madam alivua miwani. Nikajua kibarua changu kimefika ukingoni.

Nilijibu kwa hasira, na sijutii. Tulinunua vigae vya laki moja kwa mkopo: debiti ununuzi upande wa kushoto, krediti msambazaji upande wa kulia. Vya elfu kumi vilifika vimevunjika, tukavirudisha: debiti msambazaji, krediti marejesho ya ununuzi. Deni likabaki elfu tisini. Tulilipa ndani ya siku kumi, na punguzo la asilimia mbili la kulipa mapema huhesabiwa kwa kile kilichobaki. Debiti msambazaji elfu tisini, krediti benki elfu themanini na nane mia mbili, krediti punguzo la ununuzi elfu moja mia nane.

"Mzee, nani atakupunguzia bei ya vigae ulivyorudisha?" nikamuuliza.

Akahamia kwingine. "Na elfu nne ya kukodi lori? Mbona hukuiweka kwenye stoki?"

"Stoki hatuigusi mpaka tuhesabu mali mwisho wa mwaka. Lori lina akaunti yake, usafirishaji wa kuingiza mzigo. Nimedebiti hiyo, nikakrediti pesa taslimu."

Madam alimgeukia Mzee. "Mwaka huu huyu msambazaji tumemrudishia mzigo wa pesa ngapi?"

Miaka yote Mzee alikuwa akiyakata marejesho moja kwa moja kwenye ununuzi, yakamezwa humo, jumla yake isijulikane. Alifungua daftari, akalifunga. Nilimtazama akihangaika na nikafurahi, furaha mbaya kabisa.

Madam akampigia msambazaji simu. Wakakubaliana na hesabu yangu mpaka shilingi ya mwisho.

"Uko sawa," aliniambia alipokata simu. "Lakini huyu ni mzee wako, na umemuaibisha kwangu. Muombe msamaha, ama uende."

Nilingoja Madam amgeukie Mzee naye, kwa kuniita mwizi. Hakumgeukia. Mzee alikuwa akifuta kalamu yake kwa leso, taratibu, kama mtu aliyekwisha kula na kushiba.

Kodi ya chumba ilikuwa imebakiza siku nne.

"Nisamehe, Mzee," nikasema.

"Kwa kosa gani?" akauliza, bila kuinua macho. Alitaka nilitaje kosa langu, Madam asikie.

Nililitafuta. Sikuwa nalo, nikamtungia moja.