Stika ya mutura, na ile sorry ilinichukua siku tatu kuandika

Niaje wakuu. Wenye mnanijua hapa mnajua kazi yangu ni kuchoma watu kwa comments. Leo sichomi mtu. Leo naringa, na yote naandika ni ya kweli, hata zile sehemu naonekana mjinga.

Niko na miaka kumi na tisa, first year, nasomea umeme kwa college moja Thika. Naishi Kiganjo na dadangu mkubwa, Njeri.

Kuna msichana wa Ruiru tulimatch kwa app. Tumuite Shiku. Ni age mate wangu, anasomea mambo ya lab. Huyo mtu hucheka kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimeanza kuamka nikitafuta joke ya kumtumia kabla ya chai.

Siku moja akanitumia picha. First day yake lab, amevaa koti nyeupe, ametabasamu hadi macho yamepotea. Akauliza, "Nakaa aje?"

Mtu mwenye akili angejibu "umeng'ara".

Mimi nilikata hiyo picha nikatengeneza stika. Chini nikaandika: MUTURA IKO TAYARI. Si mnajua wachomaji wa mutura, ile soseji ya matumbo ya kando ya barabara, huvaa koti nyeupe kama hiyo?

Nikamtumia. Halafu kwa vile nilijiona genius, nikairusha pia kwa grupu ya maboyz wa plot, majirani wa hapa tunapoishi. Vijana nane. Walikufa kucheka.

Shiku hakucheka.

"Mamangu huchoma mutura hapa Ruiru. Hii koti imenunuliwa na hiyo mutura. High school nimeitwa Mutura four years. Nilidhani wewe hutaniita hivyo."

Nikajibu mbio: "Aii, sorry kama umefeel vibaya, nilikuwa najoke tu 😂😂." Akajibu, "Sawa." Na mnajua "sawa" ya msichana ikiwa na nukta. Nikamwaga message zingine sita. Eti mimi hutania kila mtu. Eti sikujua. Eti please nijibu, siwezi kula. (Nilikuwa nakula.)

Hazikujibiwa, nikampelekea Njeri simu. Akasoma akikaanga mayai.

"Hii si sorry, hii ni kesi. 'Kama umefeel vibaya.' Kwani ni yeye amekosa kwa kufeel?"

"Lakini sikujua mambo ya mamake!"

"Na hiyo picha ulimuuliza kabla uikate? Na umeituma wapi tena, wewe? Nakujua."

Nikamwonyesha grupu ya maboyz. Akazima jiko.

"Yeye anajua iko kwa grupu?"

Hajui. Hapo ndipo shida yote ilikuwa. Nikikiri, naweza kumpoteza kabisa. Nisipokiri, siku moja hiyo stika itamfikia kutoka kwa mtu mwingine, na hapo hakuna sorry duniani.

Na stika si kama message, wakuu. Ukiifuta kwa grupu, mwenye amei-save bado anayo. Kwa hivyo nilienda mlango kwa mlango, simu kwa simu, nikisimama hapo mpaka mtu afute. Waliniita sijui bwana harusi. Nikavumilia.

Siku ya tatu nikaandika moja tu. Bila emoji, bila voice note:

"Shiku, nilichukua picha ya siku yako kubwa nikaifanya kichekesho bila kukuuliza. Halafu nikasema najoke, kana kwamba makosa ni yako. Kuna kitu hujui: niliituma pia kwa grupu ya vijana nane. Saba wamefuta mbele yangu. Wa nane amesafiri, akirudi kesho naenda kwake. Picha yako sitaitumia tena popote. Uliniuliza unakaa aje, sikujibu. Unakaa mtu amefika mahali alikuwa anaenda. Si lazima unijibu."

Nikatuma. Nikaweka simu kwa kabati ya vyombo ndio nisimwage zingine sita.

Kesho yake wa nane akafuta. Nikamwambia Shiku maneno mawili: "Wanane. Tayari."

Ikapita siku moja. Halafu: "Hiyo ya grupu imeniuma kuliko ya kwanza. Lakini umeniambia wewe mwenyewe. Saturday saa kumi kuja Ruiru ununue mutura. Kwa mamangu mwenyewe."

Nikaenda. Mamake alikuwa kwa jiko, koti nyeupe safi kuliko shati yangu. Shiku kando yake, amekunja mikono kifuani. Mama akakata kipande, akaweka chumvi na kachumbari, akaniangalia juu chini.

"Ni wewe wa stika?"

Wakuu, mimi na hii mdomo yangu yote, sikupata joke hata moja.

"Ni mimi, mum. Pole sana."

"Haya kula. Na useme ukweli, imeiva?"

Shiku akacheka. Kwa sauti, hiyo ya herufi kubwa. Nilikuwa sijawahi kuisikia live.

Nimeandika jokes nyingi maishani, lakini ile message ya siku ya tatu ndiyo kazi yangu bora, na naringa nayo. Nilichojifunza: taja kitu ulifanya, sema hata kile hajui, rekebisha kabla ya kuandika, halafu nyamaza.

Haya, nichomeni sasa. Na wewe sorry yako ya mwisho ilikuwa na "kama" ndani?