Cheo cha Mdogo Wangu

Mdogo wetu wa mwisho alikufa kwa homa kabla hajaota jino. Tulipotoka kaburini, wanawake wa kwetu mlimani walimshika mama mikono wakamwambia asilie, kwa sababu yule sasa ni malaika. Walisema kwa nia njema. Ndivyo tusemavyo Upareni mtoto mchanga akifa, na nadhani wengine pia husema hivyo. Mama akafuta macho kwa ncha ya kanga, akanyamaza, na tangu hapo mtoto hakuitwa tena kwa jina lake. Aliitwa malaika wetu.

Ilikuwa ile miaka ambayo maduka ya Same, yaliyokaa matupu muda mrefu, yalianza kujaa vitu ambavyo kahawa yetu haikuweza kuvinunua. Kaka yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne akakosa pa kwenda, basi akawa anauza mitumba sokoni Same. Jumamosi alipanda gari la mizigo kuja nyumbani. Kwenye belo moja la nguo alikuta riwaya nene ya Kiingereza, haina jalada, sijui nani aliitupia humo. Akaisoma yote. Kaka yangu hakuwa mtu wa kufaidi kitu peke yake, kwa hiyo kila Jumamosi jioni, tukipukuchua mahindi, alitusimulia.

Mbinguni kwenye riwaya ile palikuwa kambi ya jeshi. Juu kabisa alikaa malaika mkuu, jemadari mwenye upanga wa moto. Chini yake kulikuwa na makamanda, kisha makapteni, na mwisho kabisa askari wa kawaida wenye mbawa fupi. Kuzimu nako vilevile: wafalme saba wa mapepo, kila mmoja na shimo lake, na pepo mdogo akimuua malaika alichukua nguvu zake akapanda daraja. Malaika naye hupanda kwa kuua. Kaka alituigizia mapigano yote, magunzi ndiyo panga. Tulicheka sana. Hata baba, ambaye hadithi kwake zilikuwa kazi ya wasio na kazi, alisahau kupukuchua.

Mama ndiye aliyeuliza. "Na wale wanaofika sasa hivi, wanaanzia wapi?"

Kaka akajibu haraka, kwa furaha ya mtu anayejua somo lake. "Wageni wanaanzia chini kabisa, mama. Wanapelekwa mstari wa mbele. Ila wakifanya vizuri wanapandishwa."

Mama aliendelea kupukuchua hadi ungo ukajaa. Kaka hakuona kitu, na simlaumu. Alikuwa kijana mwenye moyo mkubwa na macho mafupi.

Kanisani kwetu, kama makanisa mengi ya Kilutheri milimani, asiye na fedha huleta mazao, na ibada ikiisha vitu vyote hunadiwa uwanjani. Mzee wa kanisa hunyanyua mkungu wa ndizi, watu hupandishiana bei kwa utani, kila mtu anacheka. Jumapili iliyofuata mama alipeleka kuku wetu anayetaga. Iliyofuata akapeleka tangawizi tuliyokuwa tumeiweka kwa mbegu. Baba akauliza kulikoni, mama akasema ni sadaka tu. Tulianza kula makande bila mafuta, na mimi, nisifiche, nilimkasirikia mama kwa ajili ya yule kuku.

Halafu ikaja Jumapili mzee wa kanisa alipoingiza mkono kapuni akatoa shali nyeupe ya kufuma. Akainyanyua, akaanza kwa sauti yake ya mnada, "Haya, nani ataanza?" Hakuna aliyeanza. Kila mwanamke pale uwanjani aliijua shali ile, maana ndiyo mama alimfunikia mtoto siku ya ubatizo.

Mchungaji alikuwa mlangoni akiagana na watu. Akaja, akamwomba mzee aishushe. "Mama, hii umeitoa kwa moyo wako?"

"Nimeitoa, Mchungaji."

"Kwa ajili ya nini?"

Mama akatazama chini. Akasema taratibu, lakini uwanja ulikuwa kimya na wote tulisikia: "Ili apandishwe cheo. Wasimweke mbele. Bado ni mdogo."

Nilimtazama kaka. Uso ulikuwa umemshuka. Akasogea mbele mwenyewe, akamwamkia mchungaji, akaeleza habari ya riwaya, belo na jemadari. Nilitegemea akemewe mbele za watu. Mchungaji wetu hakuwa mpole siku zote, kwenye kipaimara alitunyoosha sawasawa. Siku ile alikaa juu ya ngazi ya kanisa, akamkalisha mama kando yake.

"Mwanangu, hadithi yako haikutoka hewani," alimwambia kaka. "Mikaeli ameandikwa kuwa alipigana na joka. Na zamani sana yupo mtawa aliyewapanga wa mbinguni safu tisa. Lakini unajua huyo malaika mkuu wako alimweka wapi? Wa pili kutoka chini! Juu aliwaweka maserafi na makerubi, na hao kwenye Maandiko hawana cheo chochote, wapo tu karibu na Mungu, wanaimba. Mtawa hakupanga kwa nguvu. Alipanga kwa ukaribu, wa juu akipokea nuru anampa wa chini yake. Hakuna anayepanda kwa kumuua mwenzake. Hilo wameliongeza waandishi wa hadithi, kwa sababu hadithi bila kupanda haina utamu."

"Na mapepo?" kaka akauliza. Hakuweza kujizuia, namjua.

"Mkuu wao anatajwa. Lakini yule pepo wa makaburini alipoulizwa jina alisema wao ni jeshi kwa kuwa ni wengi. Alitaja wingi, hakutaja cheo. Na Bwana hakumuuliza cheo, alimfukuza."

Mama alikuwa bado amelishika pindo la shali. "Kwa hiyo yeye wamemweka safu gani?"

Mchungaji aliinua macho akawatazama watu uwanjani. Nafikiri alikuwa anawaonea huruma na wale wanawake waliomfariji mama, kwa maana nao walikuwa wamesimama pale, na alichotaka kusema kingewagusa.

"Hayupo safu yoyote. Mtu akifa hageuki malaika, mama, hata mtoto. Malaika waliumbwa malaika, na wanatumwa kutuhudumia sisi. Imesemwa malaika wa watoto wadogo wanautazama uso wa Baba siku zote, hawako vitani. Wanamtumikia mwanao. Malaika hakuzaliwa na mtu, hana mama. Mwanao anaye."

Mimi nimesoma mengi tangu hapo, na riwaya za namna ile nazipenda mpaka leo, pamoja na majemadari wao wote. Zinanipa mbingu inayoeleweka, kama ofisi. Lakini kila ninapofika kwenye jedwali la madaraja najikuta natafuta ni wapi wamewaweka waliozaliwa, na sijawaona.

Mama aliichukua shali, akaikunjua magotini, akaitandaza vizuri kama ya kumfunikia mtu. Kisha akamwita mdogo wangu kwa jina lake, kwa sauti kubwa, mara mbili, na akaanza kulia.